Mlango wa Uani wa Seva

Nimewahi kupigiwa makofi na wafanyakazi wenzangu wote kwa kuuzima moto niliouwasha mwenyewe. Mkuu wa chuo alisimama kwenye kikao, akaninyooshea mkono, akasema huyu binti ndiye aliyetuokolea siku ya matokeo, tena akiwa harusini. Mimi nikainamisha macho kama mwali, na waliodhani ni unyenyekevu wakazidisha makofi. Sasa mkuu amestaafu, na diski ya kisa hiki imeshakufa kifo chake cha kawaida, kwa hiyo naona naweza kusema.

Chuo chenyewe sikitaji. Ni kidogo, kiko nje ya mji wa Bagamoyo, njia ya Kaole, na idara nzima ya kompyuta ilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya madaftari, na ndani yake mashine moja ya maana: seva iliyobeba matokeo, usajili na kila kitu ambacho wanafunzi hupenda kukilalamikia. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, ndiyo maana kilipendwa na kila mtu isipokuwa waliopaswa kukipenda. Mhasibu alificha humo mtindi wake. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa akija "kuangalia mashine" kila baada ya chakula cha mchana na kutoka na alama ya mkono shavuni. Kioo cha seva chenyewe, yaani ile skrini yake, kilikwisha kuhamishiwa mapokezi kwa sababu kile cha mapokezi kilikufa, na kila nilipokidai niliambiwa, "Lakini seva si inafanya kazi bila kuangaliwa?"

Hapo ndipo nilipoanza kukipenda kidhibiti. Ndani ya seva za kazi huwa kuna kompyuta nyingine ndogo, ndiyo hicho kidhibiti, ina akili yake na tundu lake la waya wa mtandao, na inapata umeme maadamu mashine imechomekwa ukutani, hata seva yenyewe iwe imezimwa au imezirai. Kazi yake ni kumchunga mwenzake. Ukiingia kwayo ukiwa mbali, unaona joto la ndani, unaona feni zinavyozunguka, unaweza kubonyeza swichi ya kuzima na kuwasha. Kubwa kuliko yote, unaona kile ambacho kioo kingeonyesha kama kingekuwapo, na unaandika kana kwamba umekaa pale pale na kibodi mapajani. Mtandao wa seva ukifa, hiki hakijali. Kina njia yake.

Lakini njia hiyo lazima uipate. Nilimwomba mkuu laini ya simu na kifaa kidogo cha intaneti kwa ajili ya kidhibiti peke yake, kisipitie kwenye mtandao wa chuo. Mkuu aliniuliza mlango wa pili wa nini na wa kwanza upo. Nikamwambia, "Mkuu, nyumbani kwako sebule ikijaa wageni, mama anapita wapi?" Alicheka mpaka akavua miwani, akasaini. Tangu siku hiyo ofisini tukakiita mlango wa uani.

Sasa nije kwenye harusi.

Mdogo wangu ni mmoja tu, na nimemlea. Mama alipokuwa kitandani, kijijini kwetu Fukayosi, siku ambazo sote tulijua na hakuna aliyesema, aliniita akaniambia maneno mengi, mengine ya shamba, mengine ya sufuria alizoazimisha. Katikati ya sufuria akasema, "Na mlango wa mdogo wako ufungue wewe. Usimwachie shangazi yenu." Nikamwambia nimesikia. Kwa asiyejua: kwetu, nikaha ikishafungwa, bwana harusi huletwa na watu wake mpaka mlango wa chumba cha mwali kumpa mkono mkewe, na huukuta mlango umefungwa. Aliye ndani na ufunguo ndiye mwenye kusema. Bwana harusi anabisha, anaombwa hiki na kile, anatoa doti ya kanga, anatoa marashi, watu wanacheka, wanawake wanapiga vigelegele, mpaka mwenye ufunguo aridhike. Ni mchezo, lakini anayefungua ni mama. Kama mama hayupo, ni anayesimama mahali pake.

Shangazi yetu alikuwa na maoni yake kuhusu nani anasimama mahali pa nani. Ni dada yake baba, ni mkubwa, na amefungua milango mingi. Alikuwa ameshanieleza mara tatu kwamba mtu wa kazi za kompyuta hawezi kujua namna ya kumsumbua bwana harusi ipasavyo.

Harusi ikaangukia Ijumaa. Na Ijumaa hiyo hiyo chuo kikapanga kutoa matokeo. Nilipoomba ruhusa mkuu alinitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Nenda binti, harusi ni jambo la kheri. Ila mashine ikisimama siku ya matokeo, nakutumia gari. Hata uwe umeshika sahani ya pilau, unapanda." Nikakubali. Ningekubali hata kama angesema anatuma ng'ombe.

Alhamisi, kabla sijaondoka ofisini, nilifanya jambo dogo. Pembeni ya seva kulikuwa na diski ya nje, kubwa, ambayo kila siku ilipokea nakala ya kila kitu. Mimi nilikuwa na nyimbo za harusi za kubeba, taarabu za kuanzia enzi za bibi, na video za mwali tangu yuko darasa la kwanza, na kila kitu kingine nilichokuwa nacho cha kubebea kilikuwa kidogo. Nikaitazama ile diski. Nikaiondoa kwenye mashine kwa adabu zote, kwa amri inayotakiwa, bila kuinyofoa kihuni, na seva haikulalamika hata neno moja. Ikaendelea na kazi zake. Nikaitia mkobani, nikajiambia Jumatatu itarudi, na siku tatu bila nakala nani atajua?

Ijumaa adhuhuri ikapita, wanaume wakarudi kutoka msikitini, nikaha ikasomwa barazani. Mimi na mdogo wangu tulikuwa chumbani, mlango umefungwa, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Yeye amekaa kitandani na hina imemkolea mpaka viwikoni, asumini kichwani, kavaa rangi ya kijani aliyoichagua mwenyewe baada ya ugomvi wa wiki mbili. Nje kijana wa muziki alikuwa ameshachomeka diski ya chuo kwenye kompyuta yake na taarabu inanguruma. Nilikuwa na furaha ambayo sijui hata niiweke wapi.

Simu ikalia. Mkuu.

"Binti, imesimama."

"Nini imesimama, mkuu?"

"Kila kitu. Umeme ulikatika, ile betri ya akiba ikapiga kelele kidogo ikanyamaza, umeme ukarudi, lakini matokeo hayafunguki. Wanafunzi wamejaa hapa nje. Nimeingia chumbani kwako, mashine inawaka taa, inavuma, haisemi na mtu. Gari limeshatoka."

"Mkuu, mrudishe dereva, nipe dakika chache."

"Hapokei simu akiendesha." Akaongeza, "Ni agizo langu mwenyewe, nimelibandika ukutani."

Kutoka chuoni mpaka kwetu ni nusu saa na ushei, lami tupu na kipande cha vumbi mwishoni. Nikapiga hesabu ya gari, nikapiga hesabu ya watu wa bwana harusi waliokuwa wanamaliza kunywa kahawa barazani, nikaona vyote viwili vinafika pamoja. Na nikimwacha mdogo wangu, ufunguo utakwenda kwa shangazi.

Kompyuta yangu ya mapajani nilikuwa nayo, maana mtu wa kazi yangu haendi hata msibani bila nayo. Intaneti ndiyo ilikuwa ya kuvizia. Chumbani mle ilipatikana sehemu moja tu, juu ya kizingiti cha dirisha, kwa kuinyanyua simu. Nilipoiweka pale ikateleza. Nikaiweka tena, ikateleza.

"Lete nishike," akasema mwali.

"Wewe ukae utulie, unaolewa."

"Naolewa na mikono yote miwili? Lete."

Basi mwali akasogea dirishani, akaishika simu juu kwa mkono wa hina kama mtu anayepima upepo, na mimi nikakaa sakafuni na kompyuta. Kwanza nikaiita seva yenyewe kwa njia ya kawaida. Kimya. Nikaita tena. Kimya cha mtu aliyenuna. Nikaenda mlango wa uani, nikaandika anwani ya kidhibiti, na baada ya muda ambao ningeweza kusuka ukili mzima wa mkeka, ukurasa ukafunguka.

Umeme wa mashine: upo. Joto: sawa. Feni: zote. Kumbukumbu ya matukio ilionyesha umeme uliondoka na ukarudi, na mashine ikajiwasha yenyewe kama nilivyoipangia. Hakuna kilichoungua. Nikashusha pumzi, nikampigia mkuu kwa ile simu iliyokuwa mkononi mwa mwali, sauti tukaifungulia.

"Mkuu, nimeshaingia kwenye mashine. Ni nzima."

"Umeingiaje? Mtandao umekufa, nakwambia."

"Mlango wa uani."

"Binti, usinitulize kama mtoto."

Hapo shetani wangu akaamka. Kidhibiti kina kitufe kimoja ambacho wenye busara hukitumia kutambua mashine moja kati ya nyingi: ukikibonyeza, taa ya buluu mbele ya seva inaanza kumeta, ili fundi aliyesimama pale ajue ni hii. Sisi tulikuwa na seva moja, kwa hiyo mimi hukitumia kwa mambo mengine. Yule mwalimu wa hesabu anaweza kutoa ushahidi, ingawa mpaka leo anaamini chumba kile kina mwenyewe asiyeonekana.

"Mkuu, umesimama mbele ya mashine?"

"Nimesimama."

"Itazame." Nikabonyeza.

Akasema kwa sauti ndogo: "Bismillahi."

"Ya buluu?"

"Ya buluu. Inametameta."

"Nazima sasa." Nikazima.

"Hebu washa tena," akasema mkuu, na nikamsikia akimwita mtu, "Njoo, njoo uone, yuko Fukayosi huyu!" Nikawasha, nikazima, nikawasha. Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka asumini zinadondoka dirishani. Mkuu wa chuo, mtu mzima na miwani yake, aliniomba mara nne. Mwishowe nikamwambia mkuu, wanafunzi wanasubiri, nikakata.

Nikafungua ile sehemu ya kuona kioo. Ikaja nyeusi tii. Nikajikumbusha kwamba kioo kisipoguswa hulala, nikabonyeza kitufe kimoja, nikangoja. Maandishi meupe yakashuka taratibu, kipande kwa kipande. Nikasoma mstari wa mwisho: mashine inasema imeingia kwenye hali ya dharura, haiwezi kuendelea, inaomba neno la siri la msimamizi mkuu ili mtu aje kuirekebisha. Nikapanda mstari wa juu yake. Imesubiri diski dakika moja na nusu. Diski haikutokea.

Diski gani?

Nikaisoma mara ya pili, na wakati huo huo nje wimbo ukabadilika, ukaja ule ambao mama alikuwa akiupenda, mwali akaanza kuufuatisha kwa sauti ya chini, na mimi nikajua diski gani.

Kuna faili moja ambalo seva hulisoma inapoamka. Limeorodhesha diski zake zote na mahali pa kuzipachika. Wiki chache nyuma mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, niliiandika humo diski ya nakala, nikasahau kuongeza neno moja dogo la kuiambia mashine kwamba hii isipokuwapo, endelea tu, si kitu. Bila neno hilo, seva huihesabu diski kuwa ni kiungo cha mwili. Ilipokuwa macho haikujali nilipoiondoa. Lakini umeme ulipokatika na ikaamka upya, ikahesabu viungo vyake, ikakuta kimoja hakipo, ikaketi chini. Haikuwasha mtandao, haikuwasha chochote. Ilikuwa inaisubiri diski yake, na diski yake ilikuwa Fukayosi inapiga taarabu.

Nikaweka mkono mdomoni. Mwali akageuka. "Nini?"

"Hamna."

"Dada, nakujua. Umefanya nini?"

"Unasikia huo wimbo?"

"Nasikia."

"Ndio ulioizima seva."

Nilimweleza kwa maneno machache, naye akacheka kicheko kibaya, cha utotoni, cha mtu anayejua kwamba safari hii wa kuchapwa si yeye. Kisha vigelegele vikalia barazani na miguu mingi ikaanza kuja kwenye ushoroba.

"Hodi!" Ni bwana harusi, sauti imeshiba heshima. "Dada, tumefika."

Nikajibu jibu lililo sahihi kwa mila na kwa hali: "Bado!"

Wanawake wakashangilia. Shangazi, ambaye alikuwa amejipanga nje ya mlango kulinda zamu, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Vizuri, mwanangu, mkazie."

Nikarudi kwenye neno la siri. Naomba hapa nihurumiwe. Unapoandika kwa kupitia kidhibiti na intaneti ni ya kuvizia, kitufe ulichokibonyeza kinafika, lakini habari kwamba umekiachia inachelewa. Mashine kule inadhani bado umekishikilia, inaandika herufi moja mara tano. Na neno la siri halionekani unapoliandika. Nikaliandika mara ya kwanza: si sahihi. Mara ya pili polepole: si sahihi.

"Dada, hii doti ya kanga, pokea."

"Hiyo pekee? Bado!"

"Inua simu juu kidogo," nikamnong'oneza mwali. Akainua. Nikaanza upya, herufi moja, pumzi moja, nikibonyeza na kuachia kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Herufi moja. Pumzi. Nje doti ya pili ikapitishwa chini ya mlango, kisha chupa ya marashi ikagoma kupita, wakaanza kushauriana. Herufi ya mwisho. Nikaingiza.

Ikakubali.

Nikalifungua lile faili, nikashuka mpaka mstari wa diski, nikaweka mbele yake alama ya reli, hii #, ile inayoifanya mashine iuruke mstari mzima. Alama moja tu. Ilijirudia mara nne kwa sababu ya intaneti, nami nikaziacha zote nne, haina madhara. Nikahifadhi. Nikaiamuru mashine ijiwashe upya.

"Shemeji yangu," bwana harusi akasema, na sasa heshima imeanza kuvuja jasho, "tunaomba utuambie unachotaka."

"Nitakwambia. Bado!"

"Huyu mtoto!" nikamsikia shangazi akimwambia mtu, na katika sauti yake kulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukisikia kikielekezwa kwangu. "Mnamwona? Kama marehemu mama yake kabisa."

Sikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo. Nilikuwa nimekaa sakafuni na kompyuta mapajani, na macho yakajaa bila ruhusa.

Watu hudhani kompyuta zote huwaka kama simu. Seva haiwaki hivyo. Seva ikiwashwa hujikagua kama mtu mzima anayeamka, kwanza mgongo, kisha magoti. Inahesabu kumbukumbu yake yote, inaita kila kadi, inazungusha feni kwa nguvu zote kisha inazituliza. Dakika zinapita na wewe huna la kufanya ila kukitazama kioo. Ndivyo ilivyokuwa. Nilisogea dirishani, nikakaa karibu na mdogo wangu, kompyuta kati yetu, na yeye mkono bado juu.

"Umechoka?"

"Hapana." Akautazama mlango. "Dada, nikifika kule, nikisahau namna ya kupika ule mchuzi wa mama?"

"Utanipigia."

"Usipopokea?"

"Mimi hupokea simu hata za seva."

Akalaza kichwa begani kwangu taratibu, kwa hadhari ya asumini. Alikuwa akilala hivyo tangu ana miaka saba, nikisoma kwa koroboi na yeye anajifanya anasoma. Sikuwa nimewaza mpaka dakika hiyo kwamba kesho bega hili litakuwa halina mtu. Nilikuwa nimeshughulika na vyakula, na viti, na shangazi, na ufunguo. Nilihuzunika kweli kweli, na kwenye kioo mashine ilikuwa bado inahesabu kumbukumbu.

Kisha mistari ikaanza kukimbia, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na neno la kuridhia pembeni yake. Ikapita pale kwenye diski bila hata kupepesa. Mtandao ukawaka. Huduma ya matokeo ikawaka. Nikaiita seva kwa njia ya kawaida, ya mlango wa mbele, ikanijibu mara moja, haina hata aibu.

Mdogo wangu akauliza bila kuinua kichwa, "Imepona?"

Nikaufunika ukurasa kwa mwingine usio na maana yoyote.

"Bado," nikasema. "Kidogo tu."

"Haya," akasema. Akajisogeza.

Tukakaa. Nje walikuwa wameshaongeza kanga na udi, na mtu alikuwa anajadili kama mbuzi anaweza kuhesabiwa. Bwana harusi akasema, "Dada, tafadhali," nami nikasema bado, kwa sauti ambayo kila mtu aliisifu baadaye. Mkono wa mwali ulikuwa umeshashuka, simu iko mapajani mwake, na mimi sikuuliza kwa nini. Wimbo wa mama ulimalizika ukaja mwingine. Tulikaa hivyo mpaka nikasikia gari likisimama uwanjani, na sauti ya dereva ikitoa salamu kwa kila mkubwa mmoja mmoja, shikamoo baada ya shikamoo, kisha ikiuliza yuko wapi mtu wa kompyuta.

Nikafungua pindo la kanga. Nikasimama, nikamnyanyua mdogo wangu, nikamrekebishia asumini zilizobaki, nikatia ufunguo na kuuzungusha. Vigelegele vilivyolia siku ile nadhani vilifika Kiwangwa. Bwana harusi alikuwa amelowa kanzu nzima. Shangazi alinikumbatia mbele za watu, akanong'ona sikioni, "Hata mimi nisingeweza kumweka hivyo." Dereva alikaribishwa pilau, akala sahani mbili, akarudi peke yake na sahani nyingine kwa ajili ya mkuu.

Jumatatu niliirudisha diski mahali pake, nikaondoa zile alama nne, nikaongeza lile neno dogo. Video nilizifuta. Wimbo mmoja niliusahau humo, na kwa muda mrefu chuo kilikuwa na nakala ya matokeo, ya usajili na ya taarabu moja. Kisha kikaja kile kikao na makofi.

Mdogo wangu sasa ana watoto wawili na mchuzi wake umeupita wangu. Mwaka jana alikuja kunitembelea, tukawa tunamenya karanga jikoni, nikaamua kutubu. Nikamwambia kwamba siku ile, aliponiuliza kama seva imepona, ilikuwa imeshapona. Nilimdanganya. Nilitaka dakika zangu.

Hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Najua," akasema. "Simu si nilikuwa nayo mimi? Mkuu wako alituma ujumbe: matokeo yamefunguka, Mungu akubariki, kaa na mdogo wako." Akapuliza maganda. "Niliufuta nisije nikakuona unasimama."